"Usijali Mama": Jinsi Faraja ya Haraka Inavyomziba Mdomo Mgonjwa Mwenye Wasiwasi

Mama wa miaka 45, muuza dagaa, anaingia kliniki ya afya ya akili akiwa ameshika kifua. Ni mara ya tatu kufika hospitalini ndani ya mwezi mmoja. Mara mbili za mwanzo alipelekwa idara ya dharura akisema moyo unataka kupasuka. Akapimwa presha, sukari, wingi wa damu na umeme wa moyo, vyote vikaonekana sawa. Sasa ameketi ukingoni mwa kiti, mguu mmoja hautulii, na macho hayabanduki mlangoni.

"Nesi, mimi nitakufa," anasema.

Nesi ni binti wa miaka 26, mpole, mwenye adabu. Anajibu papo hapo: "Usijali mama, huwezi kufa. Vipimo vyako vyote ni vizuri. Mwombe Mungu tu, utapona."

Mama anatazama sakafu. "Haya," anasema, na hasemi zaidi. Nesi anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ametulizwa.

Kisa hiki ni cha mfano, kama vile walimu wa uuguzi wanavyovitunga kwa ajili ya darasa. Mwanafunzi akichagua jibu la nesi huyo kwenye mtihani wa afya ya akili, anakosa alama. Hasara ya mgonjwa ni kubwa kuliko hiyo, kwa sababu mama yule alikuwa na jambo zito nyuma ya neno "nitakufa", na ameondoka nalo.

Kwenye masomo ya uuguzi, maneno na vitendo vinavyomsaidia mgonjwa kulitoa jambo lake huitwa mbinu za mawasiliano ya kitiba. Yale yanayomfunga huitwa vizuizi vya mawasiliano. Somo hili lina deni kubwa kwa Hildegard Peplau, nesi wa Kimarekani aliyechapisha mwaka 1952 kitabu kuhusu uhusiano wa nesi na mgonjwa. Wakati huo kazi ya nesi kwa wengi ilikuwa kutoa dawa, kufunga vidonda na kutandika vitanda. Peplau akasema uhusiano wenyewe ni sehemu ya tiba. Tena aliugawa wasiwasi katika ngazi nne: mdogo, wa kati, mkali, na hofu kuu ambayo mtu hupoteza kabisa uwezo wa kufikiri sawasawa. Mwanafunzi akizishika vizuri ngazi hizo nne, hatahitaji kukariri orodha ndefu ya mbinu, kwa maana mbinu inayofaa kwenye ngazi moja huweza kuharibu kwenye nyingine.

Turudi kwanza kwenye jibu la nesi. Halina neno baya hata moja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Vizuizi vingi havifanani na matusi. Vinafanana na huruma.

"Usijali, huwezi kufa" ni faraja ya uongo. Nesi hana uwezo wa kumhakikishia mtu yeyote kwamba hatakufa, na mgonjwa analijua hilo. Anachosikia ni kwamba hofu yake haitakiwi kwenye chumba kile. "Vipimo vyote ni vizuri" ni habari ya kweli, na kutoa habari ni mbinu halali kabisa. Kosa lake ni kuja mapema mno. Ikisemwa kabla mgonjwa hajaeleza lolote, inageuka kuwa hoja ya kumshinda. "Mwombe Mungu tu" nayo inategemea nani ameianzisha. Mgonjwa akisema mwenyewe kwamba sala humpa nguvu, nesi anayo sababu ya kumwuliza zaidi juu ya nguvu hiyo. Nesi akiitumia kufunga mazungumzo, amemkabidhi mgonjwa kwa Mungu ili yeye aendelee na faili linalofuata.

Kuna swali moja linalosaidia kuvitambua vizuizi: sentensi hii imepunguza wasiwasi wa nani? Mtu anapokuambia anakufa, na wewe moyo hukushtuka. Kusema "usijali" humtuliza msemaji haraka sana. Ndiyo maana maneno hayo hutoka bila kufikiriwa, hasa kwa mtu mwema.

Vipo vizuizi vingine ambavyo nesi yule angeweza kuviangukia. Angeuliza, "Kwa nini unaogopa wakati vipimo viko sawa?" Swali la "kwa nini" humtaka mgonjwa ajitetee, na mara nyingi hana jibu, maana angelijua asingekuwa kliniki. Angeweza kutoa ushauri: "Acha hiyo biashara ya dagaa, inakuchosha." Huyo ameamua tatizo ni nini kabla hajaambiwa. Angeweza kulinganisha: "Mbona wenzako wana shida kubwa kuliko zako na wanavumilia?" Au angejitia kwenye viatu ambavyo si vyake: "Najua kabisa unavyojisikia." Hajui. Hata shangazi yake mwenyewe akiwa na tatizo hilohilo, bado hajui anachohisi mama huyu.

Na kuna mvua ya maswali. Yameanza lini? Unalala? Unakula? Umeolewa? Watoto wangapi? Kila swali lina haki yake kwenye fomu ya kliniki, lakini yakimiminika mfululizo, mgonjwa hujibu neno mojamoja na kusubiri linalofuata. Haraka hii si ya manesi peke yao. Watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, waliporekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wao katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, waligundua kwamba kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 tu tangu aanze kueleza shida yake.

Sasa tuchukue mama yuleyule, kiti kilekile, na nesi yuleyule baada ya kulisoma somo lake vizuri. Kwanza anahamisha kiti chake. Hakai ng'ambo ya meza, wala hakai kati ya mgonjwa na mlango, kwa maana mtu mwenye hofu akiona njia ya kutokea imezibwa, hofu hupanda. Anakaa pembeni kidogo, umbali wa kama mita moja, mikono haijakunjwa kifuani, faili limefungwa mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naitwa nesi wa zamu hapa kliniki. Nina nusu saa ya kukaa na wewe. Naona umeshika kifua na mguu hautulii."

Hapa ametumia mbinu mbili. Kutaja muda ni kujitolea kukaa na mgonjwa, na ni ahadi inayopimika. Kusema alichokiona ni mbinu ya pili: ametaja kinachoonekana bila kukipa maana. Hakusema "naona una wasiwasi sana", maana huo ungekuwa uamuzi. Mkono na mguu vinaonekana kwa wote wawili.

"Moyo unanienda mbio," mama anasema. "Nesi, mimi nitakufa."

"Unaogopa kwamba utakufa."

Sentensi hiyo fupi ndiyo inayowapa wanafunzi taabu kuliko zote, kwa sababu inafanana na kurudia kama kasuku. Lakini nesi hakurudia maneno yote. Ameichukua hisia iliyo ndani yake, ambayo ni kuogopa, akamrudishia mwenyewe bila kuikubali wala kuikana. Hajasema utakufa, hajasema hutakufa. Amesema tu kwamba amesikia.

Kisha ananyamaza. Sekunde tano, sekunde kumi. Ukimya wa makusudi ni mbinu, nao una masharti: macho yabaki kwa mgonjwa, mwili uendelee kusikiliza, kalamu isiguswe. Ukimya wa mtu anayetazama simu ni kizuizi kama kingine chochote.

"Dada yangu alikufa hivihivi," mama anasema. "Mwezi wa nne. Alishika kifua asubuhi, jioni tukamzika… hapana, kesho yake tukamzika. Hakuwa anaumwa."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mara mbili idara ya dharura, vipimo vinne, na hakuna aliyelisikia hili, maana hakuna aliyeachia nafasi ya sekunde kumi.

"Pole sana, mama. Dada yako alikufa ghafla, na wewe ukisikia kifua kinabana, unamkumbuka yeye. Nimekuelewa sawasawa?"

Hii ni kuhakiki maana. Nesi amekusanya vipande viwili ambavyo mama hakuviunganisha kwa mdomo wake, halafu akauliza kama ameviunganisha sawasawa. Lile swali la mwisho ni la lazima. Bila hilo angekuwa anatafsiri moyo wa mtu bila ruhusa yake.

Neno "pole" nalo linastahili kutazamwa. Kiswahili kimetujalia neno moja linalobeba huruma bila kutoa ahadi yoyote, na mgonjwa wa Kiswahili asipolisikia kabisa anaweza kumwona nesi kuwa mkavu. Tofauti iko kwenye kinachofuata. "Pole sana. Haya, umeolewa?" ni muhuri wa posta. "Pole sana, mama. Dada yako alikufa ghafla" ni pole iliyotaja jambo linalopewa pole.

"Ndiyo," mama anasema. "Na deni la kikoba ni langu peke yangu sasa. Tulikopa wote wawili."

"Umetaja mambo mawili mazito, kifo cha dada na deni. Lipi lilikuja mawazoni leo asubuhi kabla moyo haujaanza kwenda mbio?"

Mtu mwenye wasiwasi wa kati huruka kutoka jambo hili kwenda lile. Nesi anamsaidia kushika moja, na anamwachia mwenyewe achague. Hilo huitwa kuelekeza. Ukimchagulia wewe, unarudi kwenye kubadilisha mada, ambako ni kizuizi.

Kabla mama hajajibu, machela inapita koridoni kwa kelele. Anashtuka. Pumzi zinaanza kwenda juu juu, midomo inakauka, anasema vidole vinakufa ganzi. Anasimama, anakaa, anasimama tena. Ndani ya dakika moja ameondoka kwenye wasiwasi wa kati na kufika ukingoni mwa hofu kuu.

Nesi mzuri hubadilika hapohapo. Maswali ya wazi yanakoma. Mtu aliye kwenye hofu kuu hawezi kueleza, kulinganisha wala kukumbuka, na kumwuliza "unajisikiaje?" ni kumwongezea mzigo. Sentensi zinakuwa za maneno matatu au manne, sauti inashuka badala ya kupanda.

"Niko hapa. Siondoki. Tazama mkono wangu. Toa pumzi taratibu… taratibu. Ingiza kidogo. Toa tena, taratibu."

Mkazo uko kwenye kutoa pumzi, na kuna sababu ya kimwili. Anayehema haraka hutoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko kawaida. Kiwango chake kinaposhuka kwenye damu, ganzi ya vidole na kizunguzungu hufuata. Mgonjwa anavichukua hivyo kuwa dalili za kifo, anaogopa zaidi, anahema zaidi, na duara linaendelea kuzunguka. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo hulikata. Ile desturi ya kumpa mgonjwa mfuko wa karatasi apumulie haishauriwi tena, kwa sababu huweza kumdhuru mtu ambaye kumbe ana ugonjwa wa moyo au wa mapafu.

Nesi hamgusi bila kuuliza. Anafunga mlango wa koridoni lakini hautii komeo. Hamwachi peke yake. Shambulio la namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi chini ya 10, kisha hushuka. Likishuka, ndipo mahali pa kutoa habari panapopatikana: "Ganzi uliyoisikia ilitokana na kuhema haraka. Imepungua pumzi iliporudi taratibu, umeona?" Maneno hayo yangesemwa dakika kumi kabla yasingeingia.

Jambo moja la tahadhari haliepukiki hapa. Mtu mwenye historia ya wasiwasi naye huugua moyo, pumu, tezi la shingo na malaria. Maumivu ya kifua yanayokandamiza na kusambaa kwenye mkono au taya, midomo kugeuka rangi, kuzimia, homa, au dalili mpya ambayo haikuwahi kuwepo, yote hayo humrudisha mgonjwa kwenye vipimo mara moja. Kuandika "ni wasiwasi wake uleule" bila kupima nako ni kizuizi, tena ndicho kinachoweza kuua.

Ngazi za Peplau sasa zinaonekana kwenye mwili wa mtu mmoja. Wasiwasi mdogo humfanya mtu awe macho, na anaweza hata kujifunza jambo jipya. Wasiwasi wa kati humpunguzia upana wa kuona, lakini akielekezwa anafuata. Kwenye ngazi hizi mbili maswali ya wazi, ukimya, kurudisha hisia na kuhakiki maana hufanya kazi. Kwenye wasiwasi mkali mtu huganda kwenye kitu kimoja kidogo, na maelekezo lazima yawe mafupi na yarudiwe. Kwenye hofu kuu kinachobaki ni uwepo, usalama na pumzi. Watahiniwa wengi hukosea hapa: wameshika orodha ya mbinu nzuri na orodha ya mbinu mbaya, lakini hawajasoma mgonjwa wa kwenye swali yuko ngazi gani.

Mitihani ya uuguzi Tanzania na Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na wagonjwa wengi huzungumza Kiswahili au lugha ya nyumbani. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya majibu kwa Kiswahili hupata faida mbili: anagundua kama ameelewa au amekariri, na kesho wodini maneno yako tayari mdomoni. Maswali manne yafuatayo yametungwa kwa mtindo wa mitihani hiyo, kila moja likiwa na mtego wake.

Swali la kwanza. Mgonjwa anatembea huku na huko wodini akifikicha mikono. Anasema, "Siwezi kukaa, kuna jambo baya litatokea." Jibu lipi la nesi linafaa zaidi?

A. "Rudi kitandani, utawatisha wenzako."
B. "Kwa nini unafikiri hivyo?"
C. "Naona huwezi kutulia. Nitatembea na wewe kidogo."
D. "Hapa hospitalini hakuna baya litakalokupata."

Jibu ni C. Nesi ametaja anachokiona, kisha amejitolea kuwa naye, na hamlazimishi mwili utulie wakati hauwezi. A ni amri yenye lawama. B inadai maelezo. D ndilo linalowanasa wengi kwa kuwa linasikika kama ulinzi, lakini ni faraja ya uongo iliyovaa joho la hospitali.

Swali la pili. Mgonjwa anahema haraka, anatetemeka, na hajibu anachoulizwa. Nesi afanye nini kwanza?

A. Amwombe aeleze kilichotangulia shambulio hilo.
B. Amfundishe jinsi dawa zake zinavyofanya kazi.
C. Amweke peke yake kwenye chumba tulivu apumzike.
D. Abaki naye na kumwelekeza kwa sentensi fupi atoe pumzi taratibu.

Jibu ni D. A na B zote zingekuwa sahihi kesho yake, mgonjwa akiwa kwenye ngazi ya chini. Mtego ni C: nusu yake ni kweli na nusu yake ni hatari. Chumba tulivu kinafaa, upweke haufai. Jibu lenye sehemu mbili lihukumiwe kwa ile sehemu mbovu. Na neno "kwanza" kwenye swali lina uzito wake, maana linauliza mpangilio wa mambo.

Swali la tatu. Mgonjwa anasema kwa sauti ya chini, "Nikikwambia kitu, utaapa hutamwambia mtu?"

A. "Naapa, itabaki kati yangu na wewe."
B. "Mambo kama hayo mwambie daktari kesho."
C. "Utakachosema kitabaki kwa timu inayokutibu. Kikihusu kujidhuru wewe au kumdhuru mwingine, nitawashirikisha wenzangu ili uwe salama."
D. "Una uhakika unataka kusema?"

Jibu ni C. Jibu la A linavutia kwa kuwa linaonekana kujenga imani. Siku mgonjwa atakaposema ana sumu ya panya chini ya godoro, nesi aliyeapa atalazimika kuvunja kiapo au kumwacha mtu afe. B ni kumhamishia mgonjwa kwa mwingine, na usiku ule unabaki mrefu. D inamrudisha nyuma mtu aliyekwisha kupiga hatua ya kwanza.

Swali la nne. Mgonjwa mwenye wasiwasi wa muda mrefu anasema, "Watoto wangu wangepata nafuu kama nisingekuwepo."

A. "Usiseme hivyo, watoto wanakupenda."
B. "Watoto wako wapo darasa la ngapi?"
C. "Unaposema hivyo, una mawazo ya kujiua?"
D. "Unajisikiaje unapowafikiria watoto?"

Wanafunzi waliojifunza kwamba swali la wazi ndilo bora hukimbilia D. Jibu ni C, ingawa ni swali la ndiyo au hapana. Usalama hutangulia uchunguzi wa hisia, na kauli yenye fumbo la kifo huulizwa kwa maneno yasiyo na fumbo. Hofu kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo la kujiua haina msingi. Mwenye wazo hilo mara nyingi hupata ahueni akiona kuna mtu anayeweza kulitamka. Akijibu ndiyo, maswali ya karibu hufuata: ana mpango gani, ana kitu cha kutumia, amewahi kujaribu? Tena haachwi peke yake hata nesi anapokwenda kutoa taarifa.

Maswali yote manne yanajibika kwa mwendo uleule. Kwanza soma mgonjwa yuko ngazi gani. Kisha tafuta hatari: ipo au haipo? Ikiwepo, jibu la usalama linashinda. Isipokuwepo, ondoa majibu yanayotoa ahadi, yanayolaumu, yanayoshauri na yanayohamisha mada. Yakibaki mawili, chagua lile ambalo baada yake mgonjwa ndiye atakayeendelea kusema.

Kliniki, nusu saa ya mama muuza dagaa inakaribia kwisha, na kuagana nako kuna ufundi wake. Kuondoka ghafla humwacha mgonjwa mwenye wasiwasi akijiuliza amekosa nini. Nesi anatoa taarifa mapema: "Mama, tumebakiza dakika tano." Kisha anafupisha: "Leo umenieleza kuhusu dada yako na jinsi kifua kinavyokukumbusha kifo chake. Umetaja deni la kikoba, hilo hatujalifikia. Umejaribu kutoa pumzi taratibu na ganzi ikapungua. Nimeacha nini?"

"Hujaacha," mama anasema. Anafikiri kidogo. "Ila usiku ndiyo mbaya zaidi. Usiku nalala na simu mkononi, nikifa watoto wajue nani wa kumpigia."

Jambo zito hupenda kutoka mkono ukiwa tayari kwenye kitasa. Nesi hafungui mazungumzo mapya ya nusu saa, wala hasemi "tutaongea siku nyingine" kwa jumla. Anamwuliza moja kwa moja kama ana mawazo ya kujidhuru. Mama anatikisa kichwa: anaogopa kufa, hataki kufa. Nesi anamwambia kwamba usiku ndilo litakuwa jambo la kwanza Alhamisi saa tatu, na kwamba daktari ataambiwa leo kuhusu kukosa usingizi.

Mama anapotoka, nesi anafungua faili. Mara ya kwanza aliandika "ametulizwa". Safari hii anaandika maneno ya mgonjwa ndani ya alama za kunukuu: "Dada yangu alikufa hivihivi." Anaongeza saa shambulio lilipoanza na lilipokwisha, alichofanya, jibu la mama kuhusu kujidhuru, na tarehe ya Alhamisi. Kisha anatoka koridoni kuwaomba wahudumu wa machela, saa za kliniki, wapite mlango wa nyuma.